KCSE kwa Aliyeacha Shule Zamani: Kujisajili na Kupata Kituo



Leo sitazungumza mambo mengi. Nitazungumza na wewe uliyeacha shule kidato cha pili au cha tatu kwa sababu ya karo, ndoa, au kazi, na wewe uliyefika kidato cha nne ukapata gredi ambayo kila ukiitoa kwenye bahasha unaambiwa "haifiki". Miaka imepita, una watoto, una bodaboda, una duka, na sasa unataka kukaa KCSE. Kila wiki vijana wananiuliza swali lile lile: "Naanzia wapi?" Na wengine wanakuja wakiwa tayari wamelipa mtu pesa, hawajui kama wamesajiliwa au hawajasajiliwa. Hao ndio wananisumbua moyo zaidi.

Mtahiniwa ambaye hayuko shuleni anaitwa mtahiniwa wa kibinafsi. Hajisajili mwenyewe nyumbani kwa simu kama anavyoomba cheti cha polisi. Jina lake linaingizwa kwenye mfumo wa KNEC na kituo cha mtihani, yaani shule au taasisi ambayo KNEC imeipa nambari yake. Usipopata kituo hujasajiliwa, hata kama umesoma kiasi gani. Kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta kituo, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako. Wao ndio wanaojua ni vituo gani katika eneo lao vinapokea watahiniwa wa kibinafsi mwaka huo. Hata unayemjua kuwa mwalimu mkuu mzuri, shule yake inaweza kuwa inasajili wanafunzi wake tu.

Sasa tuongee kuhusu wakati, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea. Usajili wa KCSE hufunguliwa mwanzo wa mwaka na kwa kawaida unafungwa kabla Machi kuisha. Mtihani wenyewe uko Oktoba na Novemba. Yaani kati ya kusajili na kukaa mtihani kuna zaidi ya miezi sita. Mtu anayeamka Juni akasema "mwaka huu nafanya" amechelewa mwaka mzima. KNEC hutoa waraka wenye tarehe kamili na ada ya mwaka huo, na dirisha likifungwa hakuna kubembeleza. Mtu akikuambia mwezi wa Julai kwamba ana njia ya kukuingiza, huyo anataka pesa zako.

Na kuna jambo lingine linalofanya haya kuwa ya haraka. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Wale walioingia kidato cha kwanza 2024 ndio darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4, na watakaa KCSE yao 2027.  Madirisha mawili ya mwisho kabla ya darasa hilo kumaliza ni la mwanzo wa 2026 na la mwanzo wa 2027. Usipange maisha yako kana kwamba mtihani huu utakungoja mpaka watoto wamalize chuo.

Tuchukue mfano mmoja tuutembee mguu kwa mguu. Dada wa Likoni, ana miaka ishirini na tano. Alifanya KCPE 2013, akaingia sekondari, akaacha mwisho wa kidato cha pili, akaolewa. Sasa anataka kuwa mwalimu wa chekechea na kila chuo anachopiga simu kinamwuliza gredi ya KCSE. Hana.

Kitu cha kwanza anachoulizwa ofisini ni KCPE. KNEC wanataka uthibitisho kwamba ulimaliza shule ya msingi, na kama hujawahi kukaa KCSE, KCPE yako iwe imepita angalau miaka minne, kwa sababu hiyo ndiyo miaka ya sekondari. Yeye ya kwake ni ya 2013, hana shida hapo. Shida yake ni kwamba hana cheti. Alikuwa na slipu, ikaloa maji nyumba ilipovuja.

Hapa wengi wanakata tamaa, na ni mapema sana kukata tamaa. Vyeti vya KCPE vilipelekwa kwenye shule za msingi, na watoto wengi walichukua slipu tu wakaenda kidato cha kwanza, cheti hawakurudi kukichukua. Kwa hivyo kabla hujalipa mtu yeyote kukutafutia cheti, rudi shule yako ya msingi. Mwombe mwalimu mkuu afungue kabati. Utashangaa. Dada wetu alienda na kitambulisho chake, karani akavuta faili ya 2013, na cheti kikawa pale, safi, miaka kumi na miwili bila kuguswa. Akatia sahihi kwenye daftari akakichukua. Na kama kuna deni la karo la zamani, hilo ni jambo jingine. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kukizuia cheti chako kwa sababu ya deni.

Kama kabati ni tupu, omba shule ikupe angalau nambari yako ya indeksi ya KCPE na mwaka, kwa maandishi yenye muhuri. Nambari hiyo ndiyo ufunguo. Ukiwa nayo, unaingia mtandao wa KNEC wa maombi, unaofunguka kwa anwani hii:

```
qmis.knec.ac.ke
```

Unafungua akaunti, unachagua huduma ya cheti kilichopotea, unapakia stakabadhi wanazotaka, ikiwemo ripoti ya polisi kuhusu kupotea, na unalipa.  Stakabadhi watakayokupa ndiyo unayotembea nayo. Hili halimalizwi siku mbili. Ndiyo maana nasema Septemba ni wakati wa kuanza. Ukingoja Februari, dirisha litafungwa stakabadhi ikiwa bado njiani.

Na wewe ambaye hukuwahi kukaa KCPE kabisa, labda ulisoma madrasa tu, au shule ilikatika darasa la sita? Usijidanganye kwamba utaingia hivyo hivyo. KNEC wana mtihani wa kupimwa unaoitwa QT, yaani wa kukustahilisha kabla ya kukaa KCSE. Waulize ofisi ya elimu kuhusu QT kwa jina hilo hilo. Ni hatua moja zaidi mbele ya KCSE, kwa hivyo wewe unahitaji kuanza mapema kuliko mwenzako. Aliyesoma nje ya Kenya naye asilete cheti cha nchi nyingine mezani siku ya usajili. Kwanza aombe KNEC walinganishe cheti hicho na cha hapa.

Turudi kwa dada. Sasa ana KCPE na ana kitambulisho. Akaviweka pamoja mezani, akaona majina hayafanani. Kwenye KCPE ameandikwa majina mawili, Fatuma na jina la baba. Kwenye kitambulisho ni matatu, na Fatuma imekuwa Fatma. Kwetu sisi hili ni la kawaida sana. Mohamed, Muhammad, Mohammed ni mtu mmoja kwetu, lakini kwenye mfumo ni watu watatu. Kuna wanaoandikwa "bin", kuna wanaoachwa bila "bin", kuna dada waliobadilisha jina wakiolewa.

Usifanye mzaha na jambo hili. Jina litakaloingizwa wakati wa usajili ndilo litakalochapishwa kwenye cheti cha KCSE, na litakaa pale maisha yako yote. Mtu akikwambia "tutarekebisha baadaye", mwulize baadaye lini. Usajili ukifungwa, nafasi ya kurekebisha huwa finyu, na cheti kikishachapishwa mlango huo ni mgumu mno. Kwa hivyo amua kabla. Kama tofauti ni herufi, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukaape kwamba majina yote mawili ni yako, na uwaonyeshe ofisi ya elimu hicho kiapo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kama umebadilisha jina lenyewe, hicho kiapo hakitoshi, inahitajika hati rasmi ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Dada wetu tofauti yake ilikuwa ndogo, akala kiapo, akamaliza.

Na kwa yule ambaye kitambulisho chake hakijatoka, najua mko wengi na najua sababu zake. Cheti cha kuzaliwa kinakubalika kama uthibitisho wa wewe ni nani wakati wa kusajili. Usiache kwenda ofisini kwa sababu kitambulisho hakijatoka.

Sasa tufike kwenye masomo, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu masomo unayochagua ndiyo yanayoamua kituo gani kinakufaa. Watu hufanya kinyume. Wanachukua kituo kilicho karibu na nyumbani halafu wanalazimishwa masomo.

Ili upate gredi ya jumla, lazima usajili masomo yasiyopungua saba. Kiingereza, Kiswahili na Hesabu ni lazima. Halafu sayansi mbili. Halafu angalau somo moja katika kundi la Historia, Jiografia na masomo ya dini. La saba unachagua. Tangu 2023 gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Tazama maana yake: ukisajili saba kamili, yote saba yanahesabiwa, hakuna la kutupa. Ukisajili nane, lile baya zaidi linaweza kuachwa nje. Lakini nane ni mzigo kwa mtu anayeuza samaki mchana na kusoma usiku. Mimi kwa mtu wa kazi humshauri saba, na nguvu zake aziweke pale, kuliko nane nusu nusu. Mwingine atakwambia tofauti, na si kosa.

Dada wetu alichagua hivi, na hizi nambari ni za KNEC, utaziona kwenye karatasi yako ya usajili: Kiingereza 101, Kiswahili 102, Hesabu 121, Bayolojia 231, Kemia 233, Elimu ya Dini ya Kiislamu 314, na Biashara 565. Hesabu karatasi zenyewe. Kiingereza tatu, Kiswahili tatu, Hesabu mbili, Bayolojia tatu, Kemia tatu, Dini mbili, Biashara mbili. Ni mara kumi na nane atakaa kwenye dawati. Ni vizuri kujua hilo mapema, kwa sababu mwajiri wake anatakiwa aambiwe sasa, si Novemba.

Angalia Bayolojia na Kemia. Karatasi ya tatu ya kila sayansi ni ya vitendo, ndani ya maabara. Kemia, utaweka mikono yako kwenye byureti na kupima matone. Kituo kinanunua kemikali na vifaa kulingana na idadi ya watahiniwa waliosajiliwa. Sasa kuna vituo vinavyopokea watahiniwa wa kibinafsi lakini havina maabara ya kutosha, au vina maabara ya wanafunzi wao peke yao. Swali la kuuliza kituo si "mnapokea watahiniwa wa kibinafsi?" Watakwambia ndiyo. Swali ni hili: "Kemia na Bayolojia, karatasi ya tatu, nitafanyia wapi, na nitapewa siku za mazoezi kabla ya mtihani?" Mtu ambaye byureti anaiona mara ya kwanza siku ya mtihani amepoteza alama ambazo hata hazihitaji akili nyingi, zinahitaji mkono uliozoea.

Kuna masomo ambayo mimi namwambia mtahiniwa wa kibinafsi ayaache, isipokuwa kituo kimekubali kwa maandishi kumsimamia. Kilimo 443 na Kompyuta 451 yana mradi. Mradi huo unaanza mapema mwakani, unakaguliwa hatua kwa hatua na mwalimu wa kituo, na alama zake zinatumwa KNEC kabla ya mtihani wa kuandika. Wewe unapita kituoni mara mbili kwa mwaka, nani atauona mradi wako? Kijana anasema "Kilimo ni rahisi, babangu ana shamba Kwale." Shamba la babako halitoi alama. Biashara, Historia, Jiografia na Dini ni karatasi mbili mbili za kuandika, basi.

Na wale mliosoma Kiarabu madrasa au ma'had, Kiarabu 503 ni somo zuri kwenu na ni halali kuwa la saba. Lakini lina karatasi ya kuzungumza, na inahitaji mtahini aliyepangiwa kituo hicho. Kituo ambacho hakina mtahiniwa mwingine wa Kiarabu kinaweza kukukatalia. Uliza kwanza. Mwambao wetu una shule zinazolifundisha, na mara nyingi kuvuka mtaa mmoja kunatosha kupata kituo cha namna hiyo.

Neno dogo kwa wanaorudia, yaani wenye cheti tayari. Kuna anayetaka kurudia Hesabu peke yake. Anaweza kusajili masomo machache, lakini chini ya saba hapati gredi ya jumla, anapata gredi za masomo hayo tu. Na KNEC hawachukui Hesabu mpya wakaiunganisha na masomo ya cheti cha zamani. Kila cheti kinasimama peke yake. Kwa hivyo kabla hujalipa, nenda kwenye chuo unachotaka ukaulize: mtakubali gredi ya somo moja ya mwaka mwingine, au mnataka gredi ya jumla? Jibu lao ndilo litakuambia usajili mangapi. Na wengine hawana haja ya kurudia kabisa. Mwenye D wazi anaweza kuingia kozi ya cheti cha ufundi, mwenye C ya kutoa anaweza kuingia stashahada. Kurudia mwaka mzima kwa ajili ya mlango ambao tayari uko wazi ni hasara.

Wanaorudia tena: vitabu vya fasihi vimebadilika. Kama ulikaa Kiswahili ukiwa na Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri, vile vilishaondoka. Sasa riwaya ni Nguvu ya Sala na tamthilia ni Bembea ya Maisha. Nimekutana na mtu amesoma Chozi la Heri mpaka linamtoka, kwa ajili ya mtihani ambao haukuuliza hata swali moja la kitabu hicho.

Sasa dada anaingia ofisi ya elimu. Lini? Usiende Novemba. Maafisa wa elimu wakati huo wako kwenye mitihani, asubuhi wako kwenye makontena ya karatasi, mchana wako barabarani. Nenda Septemba au mapema Oktoba kupata orodha ya vituo na kuuliza masharti, halafu urudi Januari waraka mpya ukitoka. Dada wetu alipewa vituo vitatu. Cha kwanza kiko karibu na nyumbani lakini hakina maabara kwa watahiniwa wa kibinafsi. Cha pili kina maabara, lakini kiko kisiwani. Cha tatu kiko mbali upande wa kusini, kina maabara na nafasi. Angechagua cha kisiwani, na ni chaguo la kawaida, ila karatasi za asubuhi zinaanza saa mbili, na mnajua foleni ya feri saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja feri ikikwama, umekosa karatasi. Na mwenye masomo saba kamili akikosa karatasi hana somo la ziada la kumkinga. Akachagua cha tatu, matatu moja tu kutoka nyumbani, hakuna maji ya kuvuka.

Ndugu zangu, tukifika kwenye pesa, sikilizeni kwa makini. Serikali hulipia ada ya mtihani wanafunzi walio shuleni wanaokaa mara ya kwanza. Mtahiniwa wa kibinafsi halipiwi. Unajilipia mwenyewe ada ya KNEC, na ada hiyo imeandikwa kwenye waraka wa mwaka huo. Mwombe afisa akuonyeshe ile karatasi. Juu yake kituo kinaweza kukutoza gharama zake, kama maabara na madarasa ya mazoezi. Hizo ni pesa mbili tofauti. Dai risiti mbili tofauti. Mtu akikutajia jumla moja ya mviringo bila kuigawa, hapo ndipo pesa hupotea.

Na pesa za KNEC hazitumwi kwa nambari ya simu ya mtu. Malipo ya serikali siku hizi yanapitia eCitizen, nambari ya malipo 222222, na yanatoa risiti yenye kumbukumbu. Mwalimu akikwambia "nitumie kwa M-Pesa yangu nitakulipia", hata kama ni mtu wa dini, hata kama ni jirani, mwambie kwa adabu: "Mwalimu, nipe ankara nilipe mwenyewe."

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kulipa si kusajiliwa. Wapo vijana waliolipa kwenye vyuo vidogo vya mtaani vinavyojiita vituo, wakasoma mwaka mzima, wakavaa kanzu safi siku ya kwanza ya mtihani, wakafika lango la shule na majina yao hayako kwenye orodha. Chuo kile hakikuwa na nambari ya kituo. Kilikuwa kikikusanya watu na kuwapeleka kwa shule nyingine, na mwaka ule hakikuwapeleka. Na siku ya mtihani hakuna mtu anayeweza kukuongeza, hata afisa akikuonea huruma.

Utajuaje kama umesajiliwa kweli? Kuna kitu kimoja tu. Kituo kikikuingiza kwenye mfumo wa KNEC, kinachapisha orodha ya watahiniwa wake. Kwenye orodha hiyo kuna jina lako, picha yako, masomo yako na nambari ya indeksi ya tarakimu kumi na moja. Nane za kwanza ni nambari ya kituo, tatu za mwisho ni zako. Unatakiwa uione karatasi hiyo kwa macho yako, ukague, na utie sahihi. Dada wetu alipoitwa kutia sahihi, alisoma polepole, akaona badala ya 233 ya Kemia ameandikiwa 232, ambayo ni Fizikia. Karani aliteleza kidole. Ingekuwa amesaini bila kusoma, angeingia Novemba kwenye maabara akakuta mezani pake betri na nyaya. Ilirekebishwa siku ile ile kwa sababu mfumo ulikuwa bado wazi.

Kwa hivyo, kabla Machi haijaisha, uwe umeona karatasi hiyo. Ukiambiwa "indeksi itatoka Oktoba, usijali", jali. Ukiambiwa "orodha iko kwa mkubwa", nenda kwa mkubwa. Ukiambiwa nambari kwa mdomo, angalia zile tarakimu nane za kwanza, halafu uulize ofisi ya elimu hiyo ni ya kituo gani. Wakitaja shule ambayo hujawahi kuisikia, iko kaunti nyingine, rudi haraka ukaulize umesajiliwa wapi na kama nani. Kuna watu wanaoingizwa kama wanafunzi wa kawaida wa shule ambayo hawajasoma hata siku moja. Hilo si la kibinafsi, ni udanganyifu, na anayebeba hatari ya matokeo kufutwa ni wewe, si aliyekuingiza. Piga picha orodha ile ukiruhusiwa, au andika indeksi kwenye daftari lako na umpe na mtu wa nyumbani ailinde.

Baada ya hapo, mwezi wa tisa ulizia ratiba ya kituo. Mitihani ya kuzungumza na baadhi ya mitihani ya vitendo hutangulia, ndiyo watu wengi wanaikosa kwa sababu wanangoja Novemba. Siku zote beba kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kwenye kituo kile hakuna mwalimu anayekujua kwa sura kama anavyowajua wanafunzi wake.

Na matokeo yakitoka, slipu na baadaye cheti vinapelekwa kituoni, havitumwi nyumbani. Dada wetu alihifadhi nambari ya simu ya ofisi ya kituo na jina la karani, na kwenye daftari akaandika ile indeksi ya tarakimu kumi na moja, ili siku ya kurudi kuchukua cheti asianze tena kutafuta kwenye kabati la mtu.

Wabillahi tawfiq. Wenye maswali ya vituo vya Kwale na Kilifi wabaki, tutaangalia orodha moja moja.